Wachangie au Walipie?

Mwanafunzi tutakayemfuata humu nimemtunga, na kijiji chake na hesabu zake nimezitunga pia. Mtego ulionasa dodoso lake sikuutunga. Watafiti wameuandika kwa zaidi ya miaka 80 sasa, na bado unawanasa wanaoandika tasnifu zao za kwanza, hata mashirika yenye fedha za kuajiri wataalamu.

Tuseme ni binti anayesoma shahada ya pili ya elimu, na anataka kujua wazazi wa vijijini mkoani Morogoro wana msimamo gani kuhusu chakula cha mchana shuleni. Tangu Januari 2016 shule za serikali Tanzania zinatoa elimu bila malipo, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015. Lakini makande au uji wa watoto wa shule za kutwa kwa sehemu kubwa bado unategemea mifuko na maghala ya wazazi, na kila mkutano wa kijiji unaogusa suala hilo huchelewa kumalizika.

Dodoso lake lina maswali 32. Linalotuhusu ni la saba: "Je, unakubali wazazi wachangie chakula cha mchana shuleni?" Majibu ni matatu: nakubali, sikubali, sijui.

Kabla ya utafiti wenyewe akafanya jaribio, kama inavyotakiwa. Aliwahoji wazazi 24 katika kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli yake, kwa sababu ukijaribu dodoso kwa watu utakaowahoji tena baadaye unakuwa umeshawafundisha maswali. Wazazi 18 wakakubali, wanne wakakataa, wawili wakasema hawajui. Alirudi chuoni akiwa na furaha, maana matokeo ya namna hiyo yanaandikika vizuri: wazazi wako tayari, kinachokosekana ni utaratibu.

Msimamizi wake alilisoma swali la saba akaweka duara kwenye neno moja. "Kuchangia ni nini hasa?" aliuliza. "Mtu akitoa kuni amechangia. Akija kupika siku moja amechangia. Wewe unataka kujua kama watalipa. Andika walipie."

Hoja yake ilikuwa na maana, na mimi ningekuwa msimamizi huenda ningesema hayo hayo. Binti akabadili neno moja, akaacha mengine 31 yalivyokuwa, akachapisha upya na kwenda kijiji cha jirani. Wazazi 24 wengine. Safari hii waliokubali walikuwa saba, waliokataa 15, wawili hawajui.

Matokeo yanapogeuka hivi, kishawishi cha kwanza ni kukimbilia maelezo makubwa: kijiji cha pili ni maskini zaidi, au wana ugomvi na mwalimu mkuu. Mtafiti aliyezoea huanza chini kabisa, kwenye makosa ya mkono. Pengine aliyeingiza majibu kwenye kompyuta aliandika 1 kwa "nakubali" mara ya kwanza na 1 kwa "sikubali" mara ya pili. Kosa hilo ni la kawaida mno, na linageuza matokeo kikamilifu kuliko neno lolote. Kulitambua ni rahisi: unachukua karatasi kumi, unazisoma kwa jicho, unalinganisha na kilichoko kwenye jedwali. Kama hukutumia karatasi bali simu yenye KoboToolbox, unafungua fomu yenyewe na kuangalia kila jibu limepewa namba gani. Binti akafanya hivyo. Karatasi na jedwali vilikubaliana.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu neno halikuwa kitu pekee kilichobadilika. Mara ya kwanza alikwenda na barua ya utambulisho na mtendaji wa kijiji akamsindikiza nyumba hadi nyumba. Mara ya pili mtendaji alikuwa na kikao, binti akazunguka peke yake. Mara ya kwanza ilikuwa muda mfupi baada ya mavuno, mara ya pili wiki kadhaa mbele, maghala yakiwa yameanza kupungua. Na vijiji vyenyewe ni viwili. Ukiwa na tofauti nne kati ya jaribio na jaribio, huwezi kuinyooshea kidole mojawapo, hata kama moyoni una uhakika.

Dawa yake ni ya zamani. Unaandika dodoso la aina mbili, A na B, zinazofanana herufi kwa herufi isipokuwa neno moja. Unachanganya karatasi zote pamoja kama karata, unaziweka kwenye mfuko, na kila unapofika mlangoni unatoa ile inayofuata bila kuchagua. Kijiji ni kile kile, wiki ni ile ile, anayeuliza ni yule yule, na mtendaji ama yupo kwa wote au hayupo kabisa. Chochote kingine kinachoweza kuathiri majibu kitaangukia pande zote mbili kwa takriban kiasi kile kile. Kosa linalofanyika mara nyingi hapa ni la huruma: unamwona bibi mnyonge mlangoni, unaona fomu ya "walipie" haitamfaa, unairudisha mfukoni na kutoa nyingine. Ukifanya hivyo hata mara chache umeshaharibu jaribio, na hakuna hesabu ya baadaye itakayolitengeneza.

Binti alihoji wazazi 60 katika kijiji cha tatu, 30 kwa kila fomu, safari hii bila mtendaji. Aliondoa pia jibu la "sijui" ili hesabu iwe nyepesi, jambo ambalo katika utafiti wenyewe asingelifanya. Waliosomewa "wachangie" walikubali 21 na kukataa 9. Waliosomewa "walipie" walikubali 11 na kukataa 19. Upande mmoja wengi wanataka, upande wa pili wengi hawataki, na ni kijiji kimoja.

Je, haiwezi kuwa bahati tu? Wataalamu wana kipimo chao kiitwacho kai-mraba, na kwa namba hizi kinatoa takriban 6.7, wakati mpaka unaotumiwa kwa kawaida ni 3.84. Lakini kuna njia ya jikoni inayoonyesha jambo lile lile bila kanuni. Kwa jumla waliokubali ni 32 na waliokataa 28. Chukua punje 32 za mahindi na 28 za maharage, ziweke kwenye sufuria, koroga, kisha bila kuangalia toa punje 30. Hilo ndilo kundi lako la "wachangie" katika dunia ambayo neno halina athari yoyote. Mara nyingi utapata mahindi 16 hivi, au 14, au 18. Rudisha, koroga, toa tena. Kwa wastani, katika kila mara mia, mahindi 21 au zaidi yatajitokeza mara moja tu hivi. Inawezekana kuwa bahati, basi, lakini ni bahati ya nadra.

Namba hizo zina kikomo ambacho wanafunzi wengi hukisahau. Zinasema pengo lipo. Hazisemi lina upana gani. Kati ya asilimia 70 na asilimia 37 kuna pointi 33, lakini kwa watu 60 pengo la kweli lingeweza kuwa pointi 10 na lingeweza kuwa zaidi ya 50. Anayeandika kwenye tasnifu kwamba neno "walipie" linapunguza ridhaa kwa asilimia 33 amedai kitu ambacho jaribio lake halikukipima.

Mtego huu uliwekwa hadharani mwaka 1941, katika jarida la Marekani la utafiti wa maoni ya umma, na Donald Rugg. Alitumia takwimu za Elmo Roper, mmoja wa waanzilishi wa kura za maoni. Kundi moja la Wamarekani liliulizwa kama nchi iruhusu hotuba za hadharani dhidi ya demokrasia. Asilimia 62 walisema isiruhusu. Kundi lingine, lililofanana na la kwanza, liliulizwa kama nchi ipige marufuku hotuba hizo. Waliosema ipige marufuku walikuwa asilimia 46. Kimantiki kutoruhusu na kupiga marufuku ni kitu kimoja, lakini kulikuwa na watu wengi ambao hawakuwa tayari kuruhusu na hawakuwa tayari kupiga marufuku.

Howard Schuman na Stanley Presser walilirudia jaribio hilo miaka ya 1970, na pengo likajitokeza tena. Maelezo ninayoyapenda zaidi yalikuja 1986 kutoka kwa Hans-Jürgen Hippler na Norbert Schwarz, watafiti waliofanya kazi Ujerumani. Walisema mwenye msimamo mkali hatikiswi na neno. Atakupa jibu lile lile uulize utakavyo. Anayetikiswa ni yule asiyejali sana. Kwake kuruhusu ni kufanya kitu, na kupiga marufuku ni kufanya kitu. Akiulizwa kama afanye hiki anasema hapana, na akiulizwa kama afanye kile anasema hapana vilevile. Hajajipinga. Amekuambia mara mbili kwamba jambo hilo halimnyimi usingizi.

Ukizitazama fomu za binti kwa jicho hilo unaona watu wa aina tatu. Kwa kuwa makundi mawili yanafanana, tunaweza kukisia kwamba katika kila wazazi 30 wapo 9 hivi wanaokataa hata neno likiwa laini, na 11 hivi wanaokubali hata neno likiwa gumu. Katikati wamebaki kama 10 ambao neno ndilo linalowaamulia. Habari ya kijiji iko kwa hao, na swali la saba halikuwa na uwezo wa kuwaona, kwa sababu liliwalazimisha wajitokeze kama wanaokubali au wanaokataa.

Lakini kwa nini neno "walipie" liwasukume? Jaribio la A na B linakuambia neno ndilo chanzo, halikuambii lilisikikaje. Kwa hilo inabidi urudi ukae na watu wachache, saba au wanane wanatosha kwa kuanzia, uwasomee swali kisha uwaulize kuhusu swali lenyewe. Huwaulizi tena msimamo wao. Unasema: rudia nilichokuuliza kwa maneno yako. Ulipolisikia neno hili, ulifikiria nini? Ulifikaje kwenye jibu lako? Wakati wa mazungumzo haya huandiki alama ya vema. Unaandika maneno ya mtu kama alivyoyatamka.

Mama wa kwanza alikuwa akipukuchua mahindi uani. Baada ya salamu na kigoda, binti akamsomea swali lenye neno "wachangie" na kumwomba alirudie.

"Unaniuliza kama niko tayari kutoa mahindi," alisema. "Mbona tunatoa? Debe moja na maharage kidogo. Mwaka jana nilitoa."

"Na kama swali lingesema walipie, mama?"

"Hapo ni hela. Hela mwanangu naitoa wapi mwezi huu?"

Mzee mmoja, mjumbe wa zamani wa kamati ya shule, alisikia kitu kingine kabisa. "Serikali imetangaza elimu bila malipo," alisema. "Sasa nikisema nakubali kulipia, si nimefungua mlango wa uani? Kesho atakuja mwingine na madawati, keshokutwa na mlinzi." Alipoulizwa kuhusu kuchangia, uso ukalegea. Kuchangia ni jambo la hiari, alieleza. Asiye nacho anasamehewa, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani.

Wa tatu alikuwa bibi aliyelea wajukuu wawili. Yeye alikuwa miongoni mwa 24 wa mwanzo kabisa, na binti alimfuata makusudi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umerudi na mtendaji?"

"Hapana, niko peke yangu leo."

"Basi kaa nikuambie. Siku ile ungeniuliza lolote ningesema nakubali."

Kwa mazungumzo hayo machache swali la saba likawa limefumuka. Kwa mama, maneno mawili yalitofautiana kwa kinachotolewa: nafaka au fedha. Kwa mzee yalitofautiana kwa sheria, kwa sababu la pili lilikuwa limebeba mvutano mzima wa sera ambayo jina lake lenyewe lina neno "malipo" ndani yake. Bibi hakuwa amejibu swali hata kidogo. Alijibu ugeni uliosimama mlangoni kwake, na namna swali lilivyoundwa ilimrahisishia. Maswali ya "je, unakubali" yana mwelekeo wa kuvuna ndiyo, hasa pale anayeulizwa anapoona anayeuliza amesindikizwa na mamlaka. Kwa hiyo wale 18 wa mwanzo walisukumwa na vitu viwili kwa pamoja, neno laini na mtendaji. Wale saba wa pili walikosa vyote viwili.

Binti alirudi kwa msimamizi wake na daftari.

"Dokta, kuchangia si neno baya," alisema. "Na kulipia si neno zuri zaidi. Ni maswali mawili tofauti."

"Wewe unataka lipi?"

Kulijibu hilo kulihitaji atoke kwenye dodoso. Alikwenda kwa walimu wakuu watatu akawauliza jambo ambalo angepaswa kuliuliza kabla ya yote: kama mpango wa chakula ungeanza hapa, mzazi angetakiwa kutoa nini hasa? Wawili walisema mahindi na maharage baada ya mavuno, pamoja na fedha kidogo za mpishi na chumvi. Mmoja alisema fedha tupu, kwa sababu shule haina stoo na panya wamekuwa wengi.

Swali la saba likafa, na nafasi yake yakaja matatu. La kwanza halitaji kukubali wala kukataa, linaweka pande mbili mezani na kumwacha mtu achague: "Baadhi ya wazazi wanasema chakula cha mchana shuleni kigharamiwe na serikali peke yake. Wengine wanasema serikali na wazazi wagawane gharama hizo. Wewe uko karibu na wazazi gani?" Mtu hawezi kujibu ndiyo kwa adabu, maana hakuna ndiyo. La pili linataja kitu na kipimo: kama shule ingeomba debe moja la mahindi na kilo tano za maharage kwa kila mtoto kwa mwaka, kaya yako ingeweza kutoa vyote, sehemu, au isingeweza? La tatu linafanya hivyo hivyo kwa fedha, kwa kiasi kilichotajwa kwa shilingi, na kinachotakiwa lini. Mwisho likaongezwa swali dogo la uzito: jambo hili kwako ni kubwa sana, la kawaida, au si kubwa? Hilo ndilo la kuwatafuta wale kumi wa katikati.

Maswali marefu yana gharama yake. Msomaji wa dodoso anachoka, mhojiwa anachoka, na sentensi ya pande mbili ikisomwa haraka mtu huchagua upande wa mwisho kwa sababu ndio anaoukumbuka. Kwa hiyo nusu ya fomu zilianza na upande wa serikali, nusu na upande wa kugawana. Maswali matatu yaliyochukua nafasi ya moja yalirefusha kila mahojiano, na binti alilazimika kufuta mengine mawili aliyokuwa anayapenda.

Lilibaki jambo moja ambalo yeye na msimamizi hawakukubaliana. Msimamizi alitaka maneno ya zamani yatupwe kabisa. Binti alitaka yabaki mahali fulani, kwa sababu tafiti alizozisoma zilitumia "kuchangia", na ukibadili swali unapoteza uwezo wa kulinganisha jana na leo. Hata swali lenye kasoro lina thamani ukilirudia vile vile miaka nenda miaka rudi, mradi kasoro yake haibadiliki.

Hapo alikuwa na mfano mkubwa wa kuegemea. Utafiti Mkuu wa Jamii wa Marekani, unaoendeshwa na kituo kilichoko Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1972, huuliza kama serikali inatumia fedha nyingi mno au chache mno kwa mambo mbalimbali. Moja ya mambo hayo ni ruzuku ya serikali kwa wasio na kipato, ikiitwa kwa jina lake la mitaani, ambalo masikioni mwa Wamarekani wengi linanuka uvivu. Kuanzia 1984 watafiti waliwagawa wahojiwa: wengine wakasikia jina hilo, wengine wakasikia "msaada kwa maskini". Tom Smith alipoyachambua majibu mwaka 1987, waliosema fedha ni chache mno walikuwa robo tu au chini yake kwa jina la kwanza, na zaidi ya sita katika kila kumi kwa la pili. Watafiti hawakuchagua mshindi. Waliendelea kuuliza yote mawili, kila moja kwa kundi lake, na kuyaripoti yote mawili.

Binti akaiga hivyo. Katika utafiti wenyewe wa wazazi 400, maswali mapya matatu yaliulizwa kwa wote, na swali la zamani likawekwa mwisho, nusu ya fomu zikisema "wachangie" na nusu "walipie". Aliliweka mwisho ili lisichafue majibu ya mapya. Kwa hiyo lenyewe ndilo lililobaki kuathiriwa na yaliyotangulia, na hilo alilazimika kuliandika wazi kwenye sura ya mbinu. Alilazimika pia kukubali kwamba kwa swali hilo sampuli yake imekatwa katikati: kwa watu 400 kosa la sampuli ni kama pointi tano juu au chini, kwa watu 200 ni kama saba. Pengo la pointi 33, kama lingekuwepo, lingeonekana hata hivyo. Pengo la pointi nne lisingeonekana, na msimamizi alimwekea alama ya penseli pembeni mwa ukurasa kumkumbusha asije akalitafuta.